Ofa yenye masharti: mstari uliobaki kweli kwenye picha yako ya skrini

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza digrii hapa Dar na nimepata ofa yenye masharti ya kusoma uzamili wa afya ya jamii Uingereza, kuanzia Septemba. Naambatanisha picha ya mfumo wao niliyopiga leo, Julai 6. Matokeo yangu ya digrii (GPA 3.6) niliyapakia wiki mbili zilizopita na yana tiki ya kijani, lakini mstari wa digrii bado unasema Outstanding. IELTS nilifanya Juni 14 nikapata 6.5 kama walivyotaka (kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuandika 5.5, kuzungumza 7.0), huo nadhani umeshapita. Dipoziti nilituma tangu Juni 26. Kipi hasa kimebaki, na nianze na kipi?*

Marahaba. Anza na IELTS, tena leo hii. Mstari huo unaouhesabu kuwa umepita ndio unaoweza kukukosesha nafasi, na ule wa digrii unaokunyima usingizi ni mwepesi kuliko unavyodhani. Kwenye digrii kiwango umeshakifikia, kilichokosekana ni karatasi inayofaa. Kwenye IELTS ni kinyume chake: karatasi wanayo, kiwango ndicho hujakifikia, kwa sababu ya ile 5.5 ya kuandika. Dipoziti ni suala la kufuatilia pesa yako imefika kiasi gani na kwa jina la nani, na hilo nitalieleza mwishoni.

Nimeinakili picha yako hapa kwa maandishi ili tuisome pamoja. Namba yako ya maombi na tarehe ya kuzaliwa nimeziacha nje kwa makusudi. Kwenye mifumo mingi hizo mbili zinatosha mtu kuomba nywila mpya, kwa hiyo ukimtumia mtu mwingine picha hiyo, zifunike kwanza.

```
Decision: Conditional        Your response: Accepted
Conditions (to be met by 31 July)
  Degree: final transcript + certificate,
          GPA 3.5/5.0                        Outstanding
  IELTS Academic 6.5,
          no component below 6.0             Under review
  Two academic references                    Met
  Deposit GBP 4,000                          Outstanding
Documents
  provisional_results.pdf                    Received ✓
  ielts_trf.pdf                              Received ✓
```

Tazama kwanza kwamba kuna orodha mbili, si moja. Ya juu ni ya masharti, ya chini ni ya mafaili. Tiki ya kijani unayoitegemea iko kwenye orodha ya chini, na maana yake ni moja tu: faili limeingia na linafunguka. Mfumo wenyewe huweka tiki hiyo dakika ileile unapomaliza kupakia, hata kama umepakia picha ya mbuzi. Orodha ya juu hubadilishwa na mtu. Afisa wa udahili hufungua faili lako, akalisoma akilinganisha na maneno ya sharti, kisha akageuza hali ya mstari kwa mkono wake. Ndiyo maana orodha ya chini inaweza kuwa ya kijani tupu huku ya juu haijasogea hata kidogo, na wala mfumo haujaharibika.

Maneno ya upande wa kulia nayo yasomwe kwa uangalifu. `Outstanding` huwachanganya wengi, kwa sababu shuleni tumelizoea kama sifa ya mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita kiasi. Hapa lina maana ile ya benki, deni ambalo bado linadaiwa. Mstari wenye neno hilo unasema "hiki bado tunakudai", na hausemi kama kuna aliyewahi kukitazama. `Under review` maana yake kipo mezani kwa afisa, au kwenye foleni ya kufika mezani. Si nusu ya kupita. Ni hali ya jambo lisilo na jibu, na jibu lenyewe linaweza kuwa hapana. `Met` ndilo neno pekee linalofunga mstari. Lipo lingine, `Waived`, ambalo kwako halijatokea: hilo maana yake wamekusamehe sharti lenyewe, na kwa matokeo ni sawa na `Met`.

Kwa hiyo ukitaka kujua umebakiwa na nini, usihesabu rangi. Chukua kila mstari uulize maswali mawili: je, kiwango kilichotajwa nimekifikia? Na je, karatasi niliyowapa inathibitisha hivyo kwa namna waliyoitaka? Mfumo hutumia neno moja kujibu maswali yote mawili, na hapo ndipo watu hupotea. Tuanze na mstari wa IELTS.

Sharti lina vipande viwili vilivyotenganishwa na mkato: jumla 6.5, na hakuna kipengele kilicho chini ya 6.0. Jumla yako ni sahihi. Jumlisha 7.0, 6.5, 5.5 na 7.0 upate 26, gawa kwa 4, ni 6.5 kamili. Kipande cha kwanza kimetimia. Kipande cha pili kinatazama kila kipengele peke yake, na kuandika kwako ni 5.5. Alama za kusikiliza na kuzungumza, hata zingekuwa 9, haziwezi kukibeba. Afisa atakapofika kwenye faili lako ataliona hilo kwa sekunde chache, na mstari utatoka `Under review` kurudi kwenye kudaiwa. Hatari yake ni siku. Ukisubiri jibu lao ukiamini kwamba umepita, unaweza kulipata Julai 20 na zikabaki siku kumi na moja tu.

Njia zako ni tatu, na kila moja ina tarehe zake.

Ya kwanza ni kuomba alama zipitiwe upya, ambayo kwa jina la kituo cha mtihani huitwa `Enquiry on Results`. Maombi hupokelewa ndani ya wiki sita tangu siku ya mtihani, yaani kwako mwisho ni Julai 26. Unalipa ada, na alama ikibadilika ada hurudishwa. Kuandika husahihishwa kwa hukumu ya mtu, kwa hiyo alama yake kupanda si jambo lisilowezekana, lakini pia haina uhakika wowote. Tatizo lako ni muda: majibu huchukua kati ya siku 2 na 21. Ukiomba kesho Julai 7, siku ya ishirini na moja ni Julai 28. Alama isipobadilika, utakuwa umebaki na siku tatu na huna njia nyingine ya kukufikisha Julai 31.

Ya pili ni kurudia kipengele kimoja tu, `One Skill Retake`. Hii ni kwa wale tu waliofanya mtihani kwa kompyuta, na ifanyike ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza, kwako ni hadi Agosti 13. Unarudia kuandika, alama nyingine tatu zinabaki zilivyo, na unapewa cheti kipya cha matokeo chenye alama mpya ya kuandika. Hesabu ya kuhofia ipo: je, kuandika kukipanda, jumla haitavurugika? Haitavurugika. Ukipata 6.0, jumla ni 26.5, ukigawa kwa 4 unapata 6.625. IELTS huzungusha kwenda nusu iliyo karibu, na 6.625 iko karibu zaidi na 6.5 kuliko 7.0. Utabaki na 6.5 na kila kipengele kitakuwa 6.0 au zaidi, na ndicho sharti linachotaka. Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. Kituo chako kiulize kama kinaitoa huduma hiyo, maana si kila kituo kinayo. Na chuo kiulize kama kinapokea matokeo ya kurudia kipengele kimoja, kwa sababu vipo vyuo vinavyotaka alama zote nne zitoke kwenye mtihani mmoja. Jibu la chuo lazima liwe kwa maandishi.

Ya tatu ni kozi ya Kiingereza ya kabla ya masomo ambayo chuo chenyewe huendesha. Kwa upungufu wa nusu alama kwenye kipengele kimoja, vyuo vingi huwa na kozi fupi ya wiki kadhaa zinazoishia muda mfupi kabla ya Septemba. Ubaya wake ni gharama ya ziada, na pia kozi fupi zaidi huanza Julai au Agosti, kwa hiyo nafasi zinaweza kuwa zimejaa wakati wewe bado unafikiria.

Ningekuwa nakupangia mimi, ningesema leo uandike kwa chuo uulize njia ya pili na ya tatu kwa pamoja, na leo hiihii upige simu kituo cha mtihani. Wakikubali kurudia kipengele, weka tarehe iliyo karibu kuliko zote. Matokeo ya mtihani wa kompyuta hutoka ndani ya siku chache, kwa hiyo ukifanya katikati ya Julai utakuwa na karatasi mkononi kabla ya tarehe ya mwisho. Kuomba alama zipitiwe upya ningekuweka kuwa njia ya mwisho, pale tu unapokuwa huna kabisa njia ya kurudia, kwa sababu siku zake 21 zinakula karibu muda wako wote.

Wapo watakaokuambia upeleke barua ya chuo chako cha Dar inayosema masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo hufanya kazi kwenye vyuo kadhaa, lakini sharti lako limetaja IELTS kwa jina na alama zake. Barua haifuti sharti lililoandikwa mpaka wao wenyewe waligeuze kuwa `Waived`. Unaweza kuwaomba, ni haki yako, ila usiache kuweka tarehe ya mtihani ukisubiri huruma hiyo.

Sasa mstari wa digrii. GPA yako ni 3.6 na wanataka 3.5 kwenye kipimo cha 5.0. Kwa madaraja ya vyuo vya Tanzania hilo ni daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5 hadi 4.3. Kiwango umekipita. Lakini soma jina la faili lako kwenye picha: `provisional_results.pdf`. Sharti linasema `final transcript + certificate`. Umewapa matokeo ya muda mahali walipotaka ya mwisho, tena umewapa kitu kimoja mahali walipotaka viwili. Afisa anayefuata maneno ya sharti hana namna ya kuandika `Met`, hata akiiona 3.6 kwa macho yake, kwa sababu matokeo ambayo Seneti ya chuo haijayapitisha yanaweza kubadilika.

Dawa yake iko kwenye chuo chako cha hapa. Nenda ofisi ya mitihani au ya msajili uulize swali moja: matokeo ya mwaka wa mwisho yameshapitishwa na Seneti? Kama yameshapita, omba transkripti ya mwisho yenye muhuri na sahihi. Karatasi unayoichapisha mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi haihesabiki, hata kama ina nembo ya chuo juu yake. Kama hayajapita, omba barua ya kukamilisha masomo. Barua nzuri inataja majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la digrii, kwamba umemaliza mahitaji yote ya masomo, GPA na daraja, na tarehe ambayo digrii inatarajiwa kutolewa. Barua inayosema tu "mtajwa ni mwanafunzi wetu" haikusaidii kitu, na bahati mbaya hiyo ndiyo inayotolewa kwa haraka zaidi dirishani. Soma kabla hujaondoka hapo.

Kuhusu cheti chenyewe, mahafali ya vyuo vingi vya Tanzania huwa kuelekea mwisho wa mwaka, na vyeti hufuata mahafali. Kwa hiyo ifikapo Julai 31 hutakuwa nacho, na si kosa lako. Vyuo vya Uingereza vimelizoea jambo hili kutoka nchi nyingi. Mara nyingi hukubali transkripti ya mwisho pamoja na barua ya kukamilisha, cheti kikaonyeshwa baadaye. Lakini wao hawajui kalenda ya mahafali yenu. Usipowaambia, mstari utaendelea kudai cheti ambacho hakipo duniani. Waandikie kwamba cheti kitatolewa baada ya mahafali, taja mwezi, ambatanisha barua, na uwaombe waseme kama hivyo vinatosha kufunga sharti.

Ukipata transkripti, kuna jambo dogo linalokwamisha watu wengi mno: upande wa nyuma. Nyuma ya transkripti, au chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, ndipo palipoandikwa maana ya alama na kipimo cha GPA. Watu hupiga picha upande wa mbele tu. Afisa anaona 3.6 bila kujua ni kati ya 4 au kati ya 5, na hizo ni digrii mbili tofauti kabisa. Skani kurasa zote kwa rangi, mbele na nyuma, zikae kwenye PDF moja, muhuri usomeke. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako ni sababu tosha ya faili kurudishwa.

Na uyapitie majina. Kama transkripti ina majina mawili na pasipoti ina matatu, au herufi moja imekosewa, faili linaweza kukaa `Under review` wiki nzima bila yeyote kukueleza sababu. Tofauti ndogo huelezwa kwa barua ya chuo. Tofauti kubwa, kama jina la ndoa, inahitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina. Iweke pamoja na transkripti siku hiyohiyo, usingoje waulize.

Dipoziti ni mstari mfupi, lakini una mtego wake. Udahili hawazioni pesa. Ofisi ya fedha ya chuo ndiyo inayopokea, inayatambua malipo ni ya nani, kisha inaingiza kwenye akaunti yako, na hapo ndipo mstari hugeuka. Ukituma kwa TT kutoka benki ya Tanzania, siku kumi tangu Juni 26 ni nyingi kiasi cha kuanza kuuliza. Ingia sehemu ya malipo kwenye mfumo wa chuo, si ukurasa wa masharti, utazame kiasi kilichopokelewa. Yatakayoonekana ni mawili, na kila moja lina sababu yake.

Ukikuta pesa imefika lakini pungufu, tuseme 3,970 badala ya 4,000, makato ya benki ndiyo yaliyoila tofauti. Fomu ya TT ina sehemu ya kuchagua nani analipa makato. `OUR` maana yake mtumaji analipa yote, `SHA` mnagawana, `BEN` mpokeaji ndiye anayekatwa. Usipojaza `OUR`, benki za katikati zinaweza kukata chao kutoka kwenye pesa yenyewe, na mfumo wa chuo unaotaka 4,000 hauijui 3,970. Tuma salio, safari hii kwa `OUR`, au lipa kwa kadi kama kiasi ni kidogo.

Ukikuta sifuri, huenda pesa iko kwao lakini haina mwenyewe. Hutokea pale mtumaji anapoacha kuandika namba ya maombi kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, au anapolipa mjomba kwa akaunti yake na jina lako halipo popote. Nenda benki uombe nakala ya ujumbe wa SWIFT, ambao watu wa kaunta wengi huuita MT103. Humo kuna kiasi, tarehe, akaunti iliyopokea, maelezo uliyoyaandika na aina ya makato. Itume kwa ofisi ya fedha ya chuo pamoja na namba yako ya maombi, na kama mlipaji ni mwingine, taja jina lake na undugu wenu. Risiti ya kaunta peke yake inaonyesha kwamba ulitoa pesa hapa. Haionyeshi zilipoishia.

Neno la tahadhari kuhusu pesa hii. Kwa kuwa sharti la Kiingereza bado liko wazi, fungua sasa hivi ukurasa wa chuo unaoeleza urejeshaji wa dipoziti. Vyuo vingi humrudishia aliyeshindwa kutimiza masharti ya kitaaluma akionyesha ushahidi, lakini huwa na tarehe ya mwisho ya kuomba na baadhi hukata kiasi. Ihifadhi PDF ya sera hiyo kama ilivyo leo.

Tukirudi juu kabisa ya picha: `Decision: Conditional` na `Your response: Accepted`. Hii ya pili ni nzuri, maana yake ofa umeshaikubali na haiwezi kufutika kwa sababu ya ukimya wako. Kwenye barua au mfumo mwingine unaweza kukuta hali hizi mbili zimefupishwa kuwa `CF`: ofa ina masharti, na mwombaji ameichagua kwa dhati. Herufi unayoitafuta ni `UF`, yaani masharti yamekwisha. Ila Julai 31 iliyoandikwa hapo ni tarehe ya kutimiza masharti tu. Chuo huwa na tarehe nyingine ya mwisho ya kutoa CAS, ile namba ya uthibitisho ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi, na tarehe hiyo mara nyingi haimo kwenye ukurasa huu. Iulize kwenye barua pepe yako. Ukihitaji kuongezewa siku, hiyo ndiyo itakayoamua kama wanaweza kukupa, na ombi lenyewe liwafikie kabla ya Julai 31.

Pia usiishie kwenye picha ya skrini. Fungua barua ya ofa ya PDF, ile yenye tarehe ya karibuni kama zipo mbili, usome masharti neno kwa neno. Ukurasa wa mfumo hufupisha, na barua ndiyo yenye nguvu. Angalia hasa kama kuna sharti lililomo kwenye barua lakini halimo kwenye orodha. Kwa fani kadhaa za sayansi na uhandisi kuna kibali kiitwacho ATAS ambacho Mtanzania anakihitaji na kinachukua wiki nyingi, na hukutwa zaidi kwenye barua. Afya ya jamii kwa kawaida haimo, lakini barua yako ndiyo itakayosema.

Barua pepe kwa udahili iwe moja, fupi, na kwenye kichwa chake iwe na namba ya maombi, jina lako kama la pasipoti, na jina la kozi. Ndani yake nakili sharti kama lilivyoandikwa, chini yake andika sentensi mbili za hali ilivyo na swali lako. Kwa Kiingereza: kuandika ni 5.5, nimepanga kurudia kipengele tarehe fulani, je, mnapokea matokeo hayo, na kama hamyapokei, bado kuna nafasi kwenye kozi ya kabla ya masomo? Kwa digrii: nilichopakia ni matokeo ya muda, transkripti ya mwisho inakuja tarehe fulani, cheti ni baada ya mahafali, je, barua ya kukamilisha inatosha? Usiwafiche ile 5.5 ukitumaini hawataiona. Kila matokeo ya IELTS yana namba ambayo chuo huitumia kuyathibitisha mtandaoni, na afisa aliyeambiwa mapema kwamba unarudia ana sababu ya kukuandikia badala ya kukataa.

Transkripti ikiwa tayari, ipakie kama faili jipya lenye jina linaloeleweka, kwa mfano `final_transcript.pdf`, na usilifute lile la zamani bila kuwauliza kwanza. Halafu wape siku tano za kazi kabla ya kuuliza tena. Karatasi hizohizo utakazotumia kufunga masharti ndizo zitakazotajwa kwenye CAS yako, na watu wa viza watataka kuona zilezile. Kwa hiyo nakala halisi ya kila kitu unachopakia iweke kwenye bahasha moja tangu leo, pamoja na cheti kipya cha IELTS kitakapotoka.